Imetoka, Haijarudi

Wanachama wenzangu, na walimu wetu mnaotupitia, neno "safu" leo litatuchanganya kidogo, maana safu hii ya gazeti inahusu safu mbili za karatasi. Ni ile karatasi ya vifaa vya kupigia picha ambayo wengi wenu mmeiona ikining'inia mlangoni mwa kabati la klabu, yenye safu ya Kutoka na safu ya Kurudi. Mmoja wa wanachama wapya aliniuliza kwa nini tunajisumbua hivyo kwa kamera mbili tu. Nitamjibu kwa safari yetu ya mwezi Januari, wakati wa likizo ya kati ya mihula, tulipokwenda Ibra Jumatano, Sur Alhamisi na Nizwa Ijumaa.

Kwanza, majina ya hizo safu. Orodha tuliyoirithi iliandikwa "Imetoka" na "Imerudi". Kamera imetoka, sawa. Lakini kibamba kimetoka, kadi zimetoka, waya umetoka. Kila mstari unadai upatanisho wake, na wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kuona upatanisho umevunjika wakanyamaza. Tukaweka "Kutoka" na "Kurudi", ugomvi ukaisha. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kisanduku kitupu. Mtu akiona kisanduku cha Kurudi hakina alama, ataelewa nini? Huenda kifaa hakikurudi. Huenda kifaa kipo, ila hakuna aliyekiangalia. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na karatasi inayashika kwa uwazi uleule mweupe. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri: haikurudi, basi imekwisha, haijarudi, bado tunaingoja na tunajua tumwulize nani. Kwa hiyo sasa hakuna kisanduku kinachoachwa kitupu. Kama kifaa kimeguswa kwa mkono, alama ya vema. Kama hakijaguswa, herufi H, yaani haijarudi, pamoja na jina la aliyekuwa nacho mara ya mwisho na saa.

Neno "kimeguswa" nimelichagua makusudi. Tunahesabu watu wawili. Mmoja anasoma namba kwenye karatasi, mwingine anatia mkono begini, anashika kitu chenyewe na kuitaja namba iliyobandikwa juu yake. Msomaji hatii vema mpaka asikie namba. Aliyepiga picha na kifaa haruhusiwi kuwa ndiye anayekihesabu, kwa sababu yeye anakumbuka kukirudisha, na kumbukumbu hiyo mara nyingi ni ya jana.

Namba zenyewe ni fupi: K kwa kamera, L kwa lenzi, B kwa betri, C kwa kadi za kuhifadhia picha. Tunaandika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya plasta ya kitambaa, kwa kuwa plasta ya karatasi huachia katika joto la gari. Kwa safari ile tulikuwa na mistari 27. Huu hapa ni mfano wa mistari michache ilivyosomeka Jumatano asubuhi:

| Namba | Kifaa | Kutoka | Kwa nani | Kurudi | Mhesabu |
|---|---|---|---|---|---|
| K2 | Kamera ya pili | 07:30 | kundi la soko | ✓ 10:05 | msomaji |
| L2 | Lenzi ya mm 50 | 07:30 | kundi la soko | ✓ 10:05 | msomaji |
| B3 | Betri | 07:30 | kundi la soko | ✓ 10:05 | msomaji |
| B4 | Betri | 07:30 | kundi la soko | H 10:05 | msomaji |
| T1a | Kibamba cha stendi | – | begini | ✓ 10:05 | msomaji |

Ule mstari wa T1a una historia. Kibamba ni kile kipande kidogo cha chuma kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu ili kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu. Orodha ya zamani ilikuwa na mstari mmoja tu: "Stendi 1". Katika safari moja iliyopita stendi ilihesabiwa, ikatiwa vema, na kweli ilikuwepo, miguu yote mitatu. Kibamba kilikuwa kimebaki chini ya kamera nyingine iliyosafiri kwa gari lingine kuelekea upande mwingine. Ndani ya ngome ya Nizwa, mahali penye giza panapohitaji kamera itulie, wenzetu walikuwa na stendi nzima isiyoweza kushika kitu. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba kila kitu kinachoweza kutenganika na mwenzake, na ambacho kikikosekana kazi inasimama, kina mstari wake. Kibamba kinao. Vipaza sauti viwili vya kubana kwenye nguo vinao, kila kimoja wake. Chaja inao, na kompyuta na waya wake wa umeme ni mistari miwili.

Kitambaa cha kufutia lenzi hakina mstari. Vifuniko vya lenzi navyo havina. Tumevifunga kwa uzi. Mtu anaweza kuorodhesha hadi mistari 80 akajiona hodari, lakini mistari 80 itatiwa vema yote kwa mkupuo mmoja, bila mkono kugusa chochote. Dalili yake utaiona kwenye karatasi: alama zote zina mwinamo mmoja na wino mmoja, na saa ni ileile kuanzia juu hadi chini. Karatasi iliyofanyiwa kazi kweli huwa na angalau H moja iliyokatwa na kurekebishwa.

Turudi Ibra. Soko la Wanawake la pale hufanyika Jumatano asubuhi na wanaume hawaingii. Kwa hiyo kundi letu lililazimika kugawanyika mlangoni: dada watatu waliingia na K2, lenzi moja, betri mbili na kadi moja, sisi wengine tukabaki nje. Hapo ndipo kila orodha ya namna hii hupimwa, kifaa kinapotoka mkononi mwa mtu kwenda kwa mtu mwingine na si kinapotoka kabatini. Karatasi inayojazwa mara mbili tu, asubuhi chuoni na usiku chuoni, ingetuambia usiku kwamba B4 haipo, basi. Isingetuambia kama ilibaki sokoni, nje ya soko, au kwenye mkahawa tulikokunywa chai. Kwa kuwa tulihesabu palepale mlangoni saa nne na dakika tano, H ya B4 ilidumu kama dakika moja. Ilikuwa mfukoni mwa baibui la aliyebadilisha betri. Alikuwa ameshika kamera kwa mkono mmoja na anamwomba muuza udi ruhusa ya kupiga picha chetezo chake. Betri aliyoitoa ingekwenda wapi isipokuwa mfukoni?

(Ruhusa yenyewe ilitolewa kwa udi na chetezo, si kwa sura ya mwenye duka. Tukaheshimu.)

Hapo mmeona nimesema saa nne na dakika tano, na kwenye karatasi imeandikwa 10:05. Hili linatuhusu sisi kuliko klabu nyingine yoyote ya picha. Mswahili akiandika "11:10" kwenye karatasi, huenda anamaanisha saa kumi na moja na dakika kumi jioni, ambayo kwenye kioo cha kamera ni 17:10. Mwenzake aliyezoea saa za Kiarabu au za simu atasoma saa tano asubuhi. Kwa hiyo tuseme saa tutakavyo, lakini karatasini tuandike tarakimu kama kamera inavyoandika. Tena kamera zenyewe zisawazishwe kabla ya kutoka. K2 mara ya mwisho ilitumika Unguja, na saa ya Unguja iko nyuma ya Oman kwa saa moja. Isiporekebishwa, kila picha yake itasema ilipigwa saa nzima kabla ya wakati wake, na mtakapotaka kufuatilia kitu kilichopotea mtakuwa mnatafuta mahali pasipo.

Mchana wa siku ileile tulikwenda nyumbani kwa bibi mmoja, hapo hapo Ibra. Mnajua familia nyingi za Sharqiyah zilikuwa na watu wao Unguja na Pemba kwa vizazi, na wengi walirudi baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine zaidi baada ya 1970 Sultani Qaboos aliposhika utawala. Waliobahatika walikuja na picha. Bibi alikuwa na bahasha ya picha za studio na za harusi, na hakuna nakala nyingine popote. Tulikuwa tumefikiri kuomba tuzichukue chuoni tukazinakili kwa mashine. Bibi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wanangu, picha hizi zimevuka bahari mara moja, yatosha. Hazitoki tena humu ndani. Nyie pigeni hapa hapa, mimi nitakaa nawatazama."

"Sawa, bibi. Tuziweke karibu na dirisha?"

"Wekeni. Ila hesabuni kwanza, nami nihesabu."

Hesabu yake ikawa funzo bora kuliko karatasi yetu. Orodha yetu iliangalia upande mmoja tu: vitu vyetu vinatoka na kurudi kwetu. Haikuwa na nafasi ya vitu vya watu wengine vinavyoingia mikononi mwetu. Tukapindua karatasi, tukaandika nyuma yake safu mbili kinyume, "Tumepokea" na "Tumerudisha". Picha zilikuwa 23. Tulizipiga moja moja juu ya kitambaa cheusi, kwa mwanga wa dirisha unaoingia kwa upande, bila flashi, kwa kuwa flashi hurudisha mng'aro mweupe katikati ya karatasi ya picha. Kila moja tulipiga mbele na nyuma, kwani nyuma ndiko kuna majina na mihuri.

Tulipomaliza bibi akahesabu: 22. Akahesabu tena: 22. Hakuna aliyezungumza. Mwenzetu akafungua kamera akahesabu mafaili, yakawa 46, mbele na nyuma ya picha 23. Maana yake zote zilipita mbele ya lenzi, basi iliyokosekana haikubaki kwenye bahasha wala kabatini. Ilikuwa ndani ya hatua mbili kutoka dirishani. Tukainua kitambaa cheusi, na hapo ilipo, imeteleza chini yake, picha ndogo ya mtoto wa skuli ambaye bibi alisema ni kaka yake. Tangu siku hiyo picha za kukopeshwa zinahesabiwa kumi kumi, si zote mwishoni, na kitambaa kinainuliwa kabla ya kusema tumemaliza.

Usiku ule ndipo zilipohesabiwa kadi, na kadi si kama vifaa vingine. Betri ikirudi, imerudi. Kadi inaweza kurudi salama salimini na kazi ya siku nzima ikapotea, endapo kesho asubuhi mtu ataichukua akidhani ni tupu akaifuta. Kwa hiyo kadi zina safu ya tatu, "Kunakili". Kadi ikijaa inawekwa kwenye kijaluba chake uso chini. Iliyo tupu hukaa uso juu. Inanakiliwa kwenye diski mbili zinazolala katika mabegi mawili tofauti. Vema ya safu ya tatu haitiwi mpaka idadi ya mafaili kwenye kadi ilingane na idadi kwenye kila diski, na mtu afungue picha chache, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kuona zinafunguka. Kadi yenye picha za bibi haikufutwa kabisa mpaka tuliporudi chuoni, ingawa tulibaki na kadi chache za kutumia Nizwa.

Alhamisi ilikuwa Sur. Tulipiga ile jahazi kubwa ya aina ya ghanja iitwayo Fatah al-Khair, iliyojengwa hapohapo Sur mwaka 1951, halafu jioni tukaenda kwenye karakana ya majahazi. Mahali pale ni pazuri kwa picha na pabaya kwa vifaa. Kuna magogo, marundo ya mbao, misumari mirefu, na vumbi la mbao linalofunika kila kitu kwa rangi moja. Mwanga wa Januari huondoka upesi. Kila mtu anataka picha moja zaidi, lenzi zinabadilishwa kwa haraka.

Tulihesabu karibu na gari. Ilipofika L3, ile lenzi ndefu, mkono haukugusa kitu. Mtu mmoja akasema kwa uhakika kabisa, "Ipo begi la pili, gari la mbele." Gari la mbele lilikuwa limetangulia kutia mafuta. Sentensi hiyo ndiyo inayopoteza vifaa vingi kuliko wizi. Ni ya kweli mara tisa katika kumi, na ndiyo sababu inaaminiwa mara ya kumi. Msomaji wetu hakubishana naye. Aliandika tu: H, 17:50. Halafu, kwa kuwa karatasi yenye H hairuhusu gari kuondoka, akapiga simu. Begi la pili likafunguliwa kituo cha mafuta. Lenzi haikuwemo.

Sasa, karakana si ndogo, na giza limeingia. Tutafute wapi? Hapa picha zenyewe zinasaidia. Kila picha ya kamera ya siku hizi hubeba ndani yake saa iliyopigwa na jina la lenzi iliyotumika. Kwenye kompyuta tuna programu ya bure ya exiftool, na amri hii huorodhesha hayo kwa kila faili:

```
exiftool -T -FileName -DateTimeOriginal -LensModel *.JPG
```

Picha ya mwisho ya L3 ilipigwa 17:12. Iliyofuata, 17:16, ilikuwa ya lenzi nyingine. Kwa hiyo lenzi ilivuliwa katika dakika nne hizo, na aliyeivua alikuwa amesimama pale ilipopigwa picha ya 17:16 au kabla yake kidogo. Tukazifungua hizo mbili. Ya kwanza ilionyesha ubavu wa jahazi kutoka mbali. Ya pili, mkono wa fundi kwa karibu, na nyuma yake ncha ya rundo la mbao lenye kamba ya buluu. Mlinzi alikuwa anafunga lango. Akatuelewa, akatumulikia kwa simu yake. L3 ilikuwa juu ya rundo la kamba ya buluu, imefunikwa vumbi la mbao kiasi kwamba kwa macho ya kawaida ungeiona kama kipande cha gogo. Kama tungeigundua Nizwa, zaidi ya saa tatu za barabara kutoka pale, mafundi wangekuwa wamekwisha kuzihamisha mbao hizo, au mvulana mmoja angekuwa na darubini mpya.

Njia hii ina mipaka yake. Lenzi za zamani zisizo na vidoti vya shaba vya kuwasiliana na kamera haziandiki jina, na betri, chaja au kipaza sauti havina picha ya mwisho. Tena huwezi kuitumia kama kadi imefutwa, jambo linaloturudisha kwenye safu ya tatu.

Nizwa ilikuwa rahisi kuliko tulivyoogopa. Soko la mbuzi la Ijumaa huanza mapema asubuhi. Wauzaji huwazungusha mbuzi katika duara na wanunuzi wamekaa na kusimama pande mbili, na ukiweka stendi katikati utaangusha mtu au mbuzi. Tulitoa kamera moja, lenzi moja, betri mbili, kadi mbili: mistari sita kati ya 27. Mingine 21 haikuachwa wazi. Iliandikwa "garini" baada ya kuguswa, na funguo za gari zikapewa mtu mmoja ambaye jina lake nalo liliandikwa. Saa tatu asubuhi sita zilirudi sita.

Chuoni Jumamosi tulihesabu mara ya mwisho mbele ya kabati. Ishirini na saba zilikuwepo. Kipaza sauti M2 kilikuwa kimepoteza kibanio chake cha nguo, kitu cha ukubwa wa ukucha, pengine nyumbani kwa bibi kule Ibra. Kibanio hakikuwa na mstari wake na sasa kinao. B1 ilirudi nzima lakini haikai na chaji zaidi ya nusu saa, na hilo limeandikwa pembeni mwa vema yake ili atakayeichukua mwezi ujao asiitegemee. Karatasi ya safari hiyo imo kwenye jalada jekundu juu ya kabati, pamoja na ile ya nyuma yenye "Tumepokea 23, Tumerudisha 23" na alama ya kidole gumba cha bibi, aliyekataa kalamu akasema wino wa kidole hausahauliki. Karatasi tupu ziko chini ya jalada. Chukueni moja kabla hamjafungua kabati.